Chumba kimoja cha wageni Mombasa: kuandika mapato na kulipa ushuru wake

Nyumba nyingi za Mji wa Kale zina chumba cha juu kilichobaki kitupu. Kijana aliyekuwa akikilala ameoa, au yuko Nairobi, au yuko Ughaibuni, na chumba kina choo chake na dirisha linaloingiza upepo wa bahari. Mwenye nyumba anatia kitanda, neti na feni, anapiga picha, anakiweka Airbnb, na mwezi haujaisha mgeni wa kwanza keshapanda ngazi na begi lake. Upande huo wa kazi watu wa Mombasa hawahitaji kufundishwa. Kinachowatatiza ni karatasi. Miaka kadhaa sasa nimewaandikia majirani hesabu za vyumba vyao, na karibu kila mmoja huja kwangu mwezi wa Juni akiwa na simu iliyojaa ujumbe wa M-Pesa lakini hana daftari.

Hapa nitafuata chumba kimoja tu, mwaka mmoja mzima, tangu usiku wa kwanza hadi ritani ilipofailiwa. Chumba ni cha mama mmoja jirani yangu. Nyumba ni yake mwenyewe, hana mshahara, na wageni wake hukaa usiku mmoja hadi wiki. Akishaeleweka yeye, nitaonyesha hesabu ile ile inavyogeuka kwa mtu aliyeajiriwa, maana hapo ndipo watu hushtuka.

Kwanza ujue unauza nini

KRA haina ushuru mmoja unaoitwa wa Airbnb. Kuna milango kadhaa, na mapato yako yanaingia kwa mmoja kati ya hiyo kulingana na kile unachouza hasa.

Mlango ambao majirani wengi wanaujua ni ule wa kodi ya nyumba za makazi, MRI. Huu ni wa mtu aliyepangisha nyumba au chumba ili mpangaji aishi. Tangu Januari 2024 kiwango chake ni asilimia 7.5 ya kodi yote iliyoingia, na hakuna gharama inayotolewa hata moja. Unawahusu wanaopokea zaidi ya shilingi 288,000 kwa mwaka na wasiozidi milioni 15, na hulipwa kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata.

Mlango wa pili ni wa biashara ya kawaida. Unajumlisha mapato, unatoa gharama zilizotumika kuyapata, na faida inayobaki inaingia katika ritani yako ya mwaka pamoja na mapato yako mengine, ikitozwa kwa viwango vya mtu binafsi.

Mlango wa tatu ni ushuru wa mauzo, ambao kwenye iTax utauona kwa jina Turnover Tax. Ni wa biashara yenye mauzo ya zaidi ya milioni 1 hadi milioni 25 kwa mwaka, na tangu Julai 2023 kiwango chake ni asilimia 3 ya mauzo, bila kutoa gharama. Chumba kimoja ni nadra kufika hapo. Mwenye vyumba vitatu au vinne vinavyojaa vizuri anaweza kufika, na kama hautaki ana haki ya kumwandikia Kamishna kwamba anachagua kubaki kwenye hesabu ya faida.

Sasa, mgeni wa siku tatu anaingia wapi? Mimi huandika mapato yake kama biashara, na sababu ninazo. Mgeni huyu haishi kwako. Unamtandikia shuka, unamsafishia, unampa mahamri na mbaazi asubuhi, unampa intaneti, na akitoka unaanza upya kwa mwingine. Sheria ya VAT ya 2013 yenyewe inatenganisha mambo haya mawili: inasamehe upangishaji wa majengo ya makazi, kisha inasema wazi kwamba makazi hayo hayahesabu hoteli wala malazi ya likizo. Mtu akikuambia ulipe MRI kwa sababu ni chumba ndani ya nyumba ya kuishi, mwonyeshe mtengano huo. Chumba hicho hicho ukimpangisha mwanafunzi kwa mwaka mzima, naye anajifagilia na kujipikia, hapo ni kodi ya makazi na mlango ni MRI.

Na kama chumba chako kiko katikati, kwa mfano unampa mtu mwezi mmoja mmoja bila huduma yoyote, andika barua kwa ofisi ya KRA inayoshughulikia PIN yako, ueleze unachotoa, uombe jibu kwa maandishi. Jibu la mdomo kaunta halitakusaidia afisa mwingine akikuuliza miaka mitatu baadaye.

Daftari: mstari mmoja kwa kila mgeni

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii nilikosea jambo moja, na nalisema kwa sababu naliona kila mara kwa wengine. Nilichukua taarifa ya benki ya mwenye chumba, nikajumlisha pesa zote zilizotoka kwa jukwaa la Airbnb, nikaandika hayo ndiyo mapato. Siyo. Jukwaa linakata ada yake kabla ya kutuma. Mgeni amelipia chumba shilingi 9,000 kwa usiku tatu, ada ni asilimia 3, benki inapokea 8,730. Mapato yako ni 9,000. Zile 270 ni gharama, na zina mahali pake upande wa gharama.

Mtu ataniuliza tofauti iko wapi, ilhali faida ni ile ile. Tofauti ni mbili. Kwanza, mipaka yote ya sheria, milioni 1 ya ushuru wa mauzo na milioni 5 ya kusajiliwa VAT, hupimwa kwa mauzo kabla ya kukata chochote. Pili, siku KRA ikiuliza, karatasi za jukwaa zitaonyesha 9,000, na ritani yako ikionyesha 8,730 utaonekana umeficha, hata kama hukukusudia.

Kwa hiyo daftari la chumba liwe na mstari mmoja kwa kila mgeni, ulioandikwa siku anayoingia. Nguzo ni hizi: tarehe, jina au nambari ya buking, njia aliyokujia, idadi ya usiku, bei ya usiku, jumla, ada iliyokatwa, na kilichofika mkononi. Daftari la dukani la shilingi mia linatosha. Anayependa simu au kompyuta, jedwali la kawaida litafanya hesabu lenyewe. Ukianzia safu ya pili, usiku ukiwa nguzo D, bei E, ada G:

```
F2: =D2*E2
H2: =F2-G2
```

Na mwisho wa mwaka, ukitaka kujua waliokuja kwa jukwaa wamelipa kiasi gani, nguzo C ikiwa ndiyo ya njia:

```
=SUMIF(C:C,"jukwaa",F:F)
```

Nguzo ya njia ni muhimu kuliko inavyoonekana. Wageni wa Mombasa wengi hurudi. Mtu alikuja mara ya kwanza kwa jukwaa, akapenda, Desemba anakupigia simu moja kwa moja na kukutumia M-Pesa. Pesa hizo ni mapato sawasawa na zile za kwanza, ila hakuna karatasi ya jukwaa ya kukukumbusha. Ndizo zinazopotea kwenye hesabu, na ndizo anazozitafuta mkaguzi akichukua taarifa yako ya M-Pesa. Fungua till ya Lipa na M-Pesa au Pochi la Biashara kwa ajili ya chumba peke yake. Pesa za harusi, za michango na za mtoto aliyekutumia ya matumizi zisipite humo kabisa, la sivyo utakaa usiku kucha ukimweleza mtu ipi ilikuwa ya mgeni na ipi ya arusi ya binamu.

Mambo matatu madogo huleta ubishi. Amana ambayo utamrudishia mgeni akitoka bila kuvunja kitu siyo mapato. Iandike pembeni, na iwe mapato tu siku utakapoizuia. Mgeni aliyefuta buking akakuachia pesa, hizo ni mapato ingawa hakulala. Na aliyelipa kwa dola, andika shilingi kwa bei ya siku ile, na ubaki na karatasi inayoonyesha bei hiyo.

Baada ya daftari kuna eTIMS. Anayefanya biashara anatakiwa kutoa invoisi ya kielektroniki hata kama hajasajiliwa VAT. Kwa chumba kimoja huhitaji mashine. Unaweza kutoa invoisi kwa simu ya kawaida kupitia *222# au kwenye tovuti ya eTIMS. Jirani yangu hufanya hivyo mgeni anapotoka, akiwa bado kashika kalamu ya daftari. Invoisi iwe ya jumla yote, siyo ya kilichofika benki.

Gharama, na mwenye mkokoteni wa maji

Hapa ndipo chumba cha Mombasa kinapotofautiana na mafunzo ya mtandaoni. Kanuni ya sheria ni fupi: gharama inatolewa ikiwa imetumika kwa ajili ya kupata mapato hayo. Matumizi ya nyumba yako mwenyewe hayaingii. Lakini chumba kiko ndani ya nyumba unayoishi, kwa hiyo karibu kila bili ni ya pande mbili na lazima uigawe, na ugawaji uwe na msingi unaoweza kuueleza.

Umeme ndio mkubwa, hasa kama kuna AC. Usikisie. Mwite fundi akutilie mita ndogo kwenye laini ya chumba hicho, usome tarehe moja ya kila mwezi, uandike. Ikiwa nyumba imetumia yuniti 300 na mita ya chumba inaonyesha 90, basi asilimia 30 ya tokeni za mwezi huo ni za biashara. Hakuna afisa atakayebishana na kipimo. Kabla ya mita hiyo, jirani yangu alikuwa akiandika nusu ya umeme wote wa nyumba yenye watu sita, na hilo halikuwa na utetezi.

Maji hayana mita ya chumba, na mjini mara nyingi bomba halitoi, watu hununua mitungi kwa mkokoteni. Jirani yangu huhesabu mitungi iliyopanda juu kwa ajili ya mgeni. Intaneti anagawa kwa tatu: familia theluthi mbili, wageni theluthi moja.

Kisha kuna swali la karatasi. Tangu Januari 2024 gharama isiyo na invoisi ya eTIMS haikubaliwi kutolewa, isipokuwa zile zilizosamehewa kama mishahara, ada za benki, na huduma za kampuni ya nje isiyo na ofisi Kenya. Mwenye mkokoteni wa maji hana eTIMS. Mama anayefua shuka hana. Mwuza mahamri hana. Je, pesa unazowalipa zipotee?

Sheria ilirekebishwa Desemba 2024 kwa sababu hiyo hasa: ukinunua kwa mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi milioni 5, wewe mnunuzi ndiye unayeweza kuandika invoisi kwa niaba yake. Unaianzisha kwenye eTIMS, yeye anaikubali kwenye simu yake. Anachohitaji ni PIN ya KRA. Jirani yangu alikaa na mama wa kufua, akamweleza kwa upole.

"Dada, sikuombi pesa. Nataka tu ukubali ujumbe nikikutumia, ili nami nionyeshe kwamba nilikulipa."

Mama yule aliogopa kwamba KRA itamfuata. Aliyemtuliza ni mwanawe, aliyemweleza kwamba mapato yake kwa mwaka ni madogo, na kwamba PIN anayo tayari tangu alipofungua akaunti. Mwenye mkokoteni alikataa kabisa, na nisingemlaumu. Hakuna njia ya kumlazimisha mtu. Kwa hiyo maji ya mkokoteni yanabaki nje ya hesabu, na jirani yangu sasa anaita bowza moja kubwa kwa mwezi kutoka kwa kampuni inayotoa invoisi, anajaza tangi. Sabuni, karatasi za choo na chai ananunua supamaketi, akiwatajia PIN yake wanapopiga risiti.

Samani hazifanani na sabuni. Kitanda, godoro na kabati hudumu miaka, kwa hiyo huwezi kuzitoa zote mwaka mmoja. Zinatolewa asilimia 10 ya bei kila mwaka, kiasi kile kile, hadi ziishe. Kitanda na kabati vya 60,000 vinakupa 6,000 kwa mwaka. Wengi huandika 60,000 nzima mwaka wa kwanza, faida inaonekana hasara, na hiyo huvutia macho. Shuka na taulo zinazochakaa haraka mimi huziandika kama matumizi ya mwaka.

Leseni ni gharama pia. Biashara ya malazi Mombasa inahitaji leseni ya biashara ya kaunti na leseni ya mamlaka ya udhibiti wa utalii, TRA, na kuna tozo ya utalii ya asilimia 2 ya mauzo inayokwenda kwa hazina ya utalii. Waone ofisi hizo kabla ya mgeni wa kwanza, wakupe daraja la malazi yako, maana ada hutegemea daraja. Kama nyumba umepanga, idhini ya mwenye nyumba kwa maandishi hutangulia yote hayo. Na kama ni nyumba ya urithi, ndugu waandike mapema mapato ni ya nani na kwa kiasi gani, kwa sababu kila mmoja atadai ushuru wa sehemu yake uandikwe kwa PIN ya mwenzake.

Mwaka wa 2025 wa chumba hiki

Kwa mwaka mzima chumba kililaliwa usiku 170. Usiku 120 ulikuja kwa jukwaa kwa bei ya 3,000, yaani 360,000. Usiku 50 ulikuja kwa simu kwa 2,400, yaani 120,000. Mapato ni 480,000. Miezi ya masika ilikuwa kimya, Aprili na Mei usiku ulihesabika kwa vidole. Agosti na Desemba hakikupumzika.

Gharama zake zikawa hivi:

| Gharama | Shilingi |
|---|---|
| Ada ya jukwaa (asilimia 3 ya 360,000) | 10,800 |
| Usafi na kufua | 27,200 |
| Chai ya asubuhi | 42,500 |
| Umeme kwa mita ya chumba | 31,500 |
| Maji | 12,000 |
| Intaneti, theluthi moja | 12,000 |
| Sabuni, shuka, taulo | 14,000 |
| Leseni na tozo | 20,000 |
| Samani, asilimia 10 | 6,000 |
| Jumla | 176,000 |

Faida ni 480,000 kutoa 176,000, sawa na 304,000. Viwango vya mtu binafsi kwa mwaka ni asilimia 10 kwa 288,000 za kwanza, asilimia 25 kwa 100,000 zinazofuata, kisha asilimia 30 hadi milioni 6. Kwake yeye asilimia 10 ya 288,000 ni 28,800, na asilimia 25 ya 16,000 zilizobaki ni 4,000. Jumla 32,800. Kila mkaazi ana nafuu ya kibinafsi ya 2,400 kwa mwezi, yaani 28,800 kwa mwaka. Ukiitoa, mama huyu anadaiwa shilingi 4,000 kwa mwaka mzima.

Angeingia mlango wa MRI kwa kutojua, angelipa asilimia 7.5 ya 480,000, yaani 36,000. Mara tisa zaidi. Kuna watu mjini wanalipa hivyo leo, kwa uaminifu kabisa.

Lakini chukua chumba hicho hicho, wageni wale wale, mwenye chumba awe mwalimu mwenye mshahara unaozidi 388,000 kwa mwaka. Mshahara umeshamaliza viwango vya chini na nafuu ya kibinafsi imeshatumika kwenye ushuru wa mshahara. Kila shilingi ya faida ya chumba inakatwa asilimia 30. Asilimia 30 ya 304,000 ni 91,200. Kwa mwalimu, MRI ya 36,000 inaonekana tamu, na ndiyo maana wengi wa waajiriwa hujipeleka huko. Mlango hauchaguliwi kwa utamu wake. Kinachoamua ni unachouza, na mwalimu anayetandika shuka na kupika chai kila asubuhi anafanya biashara ya malazi kama jirani yangu. Anachoweza kufanya kihalali ni kuhakikisha kila gharama ina karatasi.

Uone uzito wa karatasi hizo. Tuseme usafi na maji, jumla 39,200, havina invoisi. Faida ya kiushuru inapanda hadi 343,200. Kwa mama, 55,200 zinatozwa asilimia 25, yaani 13,800, na hicho ndicho anachodaiwa badala ya 4,000. Mwalimu anaongezewa 11,760. Pesa zilishatoka mkononi kwa mama wa kufua, halafu zinatozwa ushuru kana kwamba bado uko nazo.

Kando ya hesabu hii, Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 inataja asilimia 1.5 ya mapato ghafi hata kwa pesa zisizo za mshahara. Kwa chumba hiki ni 7,200 kwa mwaka. Iulizie ofisini ulipo, siku ile ile unayouliza mlango wako.

Tarehe na malipo

Mwaka wa ushuru wa mtu binafsi huisha 31 Desemba. Ritani hufailiwa hadi 30 Juni, na hapo watu hudhani malipo pia ni Juni. Ushuru uliobaki unatakiwa uwe umelipwa kufikia 30 Aprili. Anayengoja Juni ameshaingia faini ya asilimia 5 ya deni na riba ya asilimia 1 kila mwezi. Kwa shilingi 4,000 ni 200 na 40 kwa mwezi. Kwa 91,200 za mwalimu ni 4,560 na 912 kwa mwezi. Kuchelewa kufaili kwenyewe ni faini ya 2,000 au asilimia 5 ya ushuru, ile iliyo kubwa, hata kama hudaiwi kitu.

Ambaye ushuru wake wa mwaka unazidi 40,000 hangoji mwaka uishe. Anakadiria na kulipa robo nne, tarehe 20 za Aprili, Juni, Septemba na Desemba. Mwalimu angelipa 22,800 kila mara. Desemba haimuumizi, chumba kimejaa. Juni ndiyo ngumu, kwa hiyo mimi huwaambia waajiriwa watenge theluthi moja ya kila faida ya mgeni pale pale pesa inapoingia, iwekwe akaunti ambayo kadi yake haiko mfukoni.

Kulipa: ingia iTax kwa PIN yako, fungua Payments, kisha Payment Registration. Tax Head ni Income Tax, Tax Sub Head ni Income Tax - Resident Individual, na Payment Type ni Self Assessment Tax. Chagua mwaka, andika kiasi, utapewa karatasi yenye nambari ya malipo, PRN. Lipa benki, au kwa M-Pesa Paybill 222222 ukiandika PRN hiyo mahali pa akaunti. PRN ina siku za kuisha, kwa hiyo usiitengeneze leo ukalipa mwezi ujao.

Kufaili unatumia fomu ya IT1. Ukurasa wa kwanza unauliza kama una mapato zaidi ya ajira. Sema ndiyo, ndipo kurasa za biashara zitafunguka. Mwajiriwa aliyejibu hapana kwa haraka hujikuta amefaili mshahara peke yake, na chumba kimebaki nje. Andika mapato ghafi, kisha gharama moja moja kama zilivyo kwenye daftari, na uhakikishe nambari ya mwisho ni ile uliyoipata kwa mkono. Zikitofautiana, usipeleke. Mara nyingi kosa ni ada ya jukwaa kutolewa mara mbili: mapato yameandikwa yaliyofika benki, na ada ikaandikwa tena upande wa gharama.

Ukimaliza, chapisha risiti ya ritani, uifunge pamoja na daftari la 2025, taarifa za jukwaa za kila mwezi, taarifa ya till na invoisi zako. Sheria inataka kumbukumbu zikae miaka 5. Jirani yangu ana sanduku la chuma la marehemu babake chini ya ngazi, na bahasha ya kila mwaka imeandikwa kwa nje mwaka ambao inaweza kutolewa. Ya 2025, iliyofailiwa Juni 2026, imeandikwa 2031.